Baba Amefeli Damu

Simu ya shangazi ilinikuta nimeshika mkasi, kitenge cha watu kimelala mezani, mteja amesimama mlangoni ananihimiza. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kasulu karibu na soko, na simu za asubuhi huwa sizipokei kwa sababu zinanipotezea kipimo. Lakini shangazi alipiga mara nne mfululizo.

"Njoo nyumbani," akasema. "Baba yako amefeli."

"Amefeli nini?"

"Damu."

Nikamwambia shangazi, damu haifeliwi. Akaniambia nisimfundishe, karatasi anayo mkononi, ina mhuri wa hospitali. Nikauliza daktari amesemaje. Akasema daktari hawakumwona. Walipoiona F, waliona hakuna haja ya kumsumbua daktari wa watu.

Hapo nilikata simu, maana ningemtukana shangazi yangu, na shangazi hatukanwi. Nikamwambia mteja kitenge chake kitasubiri. Akanuna. Nikanuna zaidi yake. Nikapanda gari la kwenda Kibondo roho ikiwa juu, kwa sababu zaidi ya mzaha wote huu lilikuwepo jambo ambalo halikuwa mzaha. Tangu masika baba alikuwa hana nguvu. Mtu aliyekuwa akipanda kilima cha shambani kwake kama anafukuza mwizi, sasa alikuwa anasimama njiani mara tatu, anajifanya anatazama maharage ya jirani. Mama alishatutoka. Mzazi niliyebakiwa naye alikuwa huyu mmoja, na mimi ndiye niliyemfokea kwenye simu mpaka akakubali kwenda kupima.

Baba ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi. Kustaafu ni kwenye karatasi tu. Kuku wa kwake wakipita uani bila mpangilio huwa anawakemea. Nilipofika kijijini kwetu Busunzu, nikitarajia kumkuta kitandani, nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi, anaandika.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Umechelewa. Kaa, kuna kipengele chako hapa."

Alikuwa anaandika ratiba ya mazishi yake. Sitanii. Saa tatu na nusu, chai. Saa nne kamili, mwili kutolewa nje, wanaochelewa wasisubiriwe. Hotuba ya mwenyekiti wa kijiji, dakika tatu, asizidishe. Shukrani kwa niaba ya familia, mimi, na pembeni kwa wino mwekundu: asilie, aongee kwa sauti. Baiskeli alikuwa amekwishamgawia jirani, na jirani, bila haya, alikuwa nje anashusha kiti cha baiskeli ile kukilinganisha na miguu yake.

Nikatoka nikamwambia jirani apandishe kile kiti pale kilipokuwa kabla sijampandisha yeye. Alikipandisha haraka sana.

Nikarudi ndani. "Baba, hiyo karatasi iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya faili. Baba huweka kila kitu kwenye faili. Aliitoa kwa heshima zote, akaitandika mezani, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza kama anavyofanya mkaguzi.

"Tazama mwenyewe," akasema. "Juu kabisa, jina langu. Umri, sitini na saba. Pembeni yake, kabla hata hawajaanza somo la kwanza, wameweka daraja la jumla. F."

Kweli ilikuwepo. F moja, nyeusi, imesimama peke yake.

"Chini yake ni masomo. Yapo mengi, yote ya Kiingereza cha hospitali. Hapa wameandika alama nilizopata, na huku mwisho alama za juu kabisa. Somo hili, kumi na mbili nukta tatu, chini ya kumi na sita. Somo hili, mia mbili arobaini na sita, chini ya mia nne. Hiyo ni asilimia sitini na moja na nusu. Ningekuwa mwanafunzi wangu mwenyewe ningejiita ofisini."

"Na hizi herufi za katikati?"

Shangazi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote mikono kiunoni, akadakia. "H ni Hatari. Zipo mbili. Hatari mara mbili."

"Na L?"

"Lazwa," akasema baba.

"Lala salama," akasema shangazi, na machozi yakamtoka.

Walikuwa wamebishana usiku kucha kuhusu hiyo L, wale ndugu wawili. Baba alisema kama ni Lala salama ingekuwa L S. Shangazi alisema hospitali wanabana wino.

Halafu baba akasogeza rula. "Kama ulidhani nimeonewa, tazama hapa, mistari hii miwili. Wamerudia kwa kifupi. fL. Feli. Nimefeli kwa jumla na nimefeli kwa somo mojamoja."

Jamani, mimi ni fundi cherehani. Najua kiuno, kifua na urefu wa mkono. Nilizitazama zile herufi kutoka juu hadi chini. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kutosha kuwafokea wote wawili, lakini ile karatasi ilininyamazisha, kwa sababu hata mimi F ninayoijua ni moja tu. Nilikuwa nazo nyingi sana kwenye hisabati, na zote alinipa huyuhuyu.

Chini ya karatasi baba alikuwa amepiga hesabu kwa penseli. Alikuwa amejumlisha matokeo yote, akayagawanya kwa idadi ya mistari, akapata wastani, akaupigia mstari mara mbili.

Hiyo ndiyo iliyonizindua. "Inuka," nikamwambia. "Vaa koti. Tunarudi hospitali."

"Kufanya nini? Kukata rufaa?"

"Ndiyo. Kukata rufaa."

Neno rufaa lilimwingia. Akachukua faili zima, akachukua na kalamu nyekundu, shangazi akachukua kanga ya pili, tukaenda Kibondo mjini kwa bodaboda mbili. Njiani nilikuwa nyuma ya baba, nimemshika kiunoni, na nilishtuka jinsi mkanda wake ulivyokuwa umevutwa hadi tundu la mwisho.

Hospitali hatukwenda kwa daktari kwanza. Baba alisema rufaa husikilizwa na aliyesahihisha mtihani, tukasimama kwenye dirisha la maabara. Mama mmoja mtu mzima, koti jeupe, miwani imening'inia shingoni, akainua kichwa. Akamtazama baba. Akavua glavu zake polepole, akasimama wima kama yuko mstarini.

"Shikamoo Mwalimu!"

Kumbe alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la sita. Kumbe alichapwa naye kwa sababu ya jedwali la saba. Baba alimtambua kwa sikio, alisema, kwa sababu alimvuta sana lile la kushoto. Nikaona anafurahi, halafu nikaona anakumbuka karatasi aliyoishika, akanywea. Ni jambo gumu kumpelekea mwanafunzi wako F yako mwenyewe.

"Imekuwaje, Mwalimu?"

"Nimefeli, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nimekuja nijue tu nimefeli nini."

Yule mama alitukaribisha kwenye benchi la korido, akaja kukaa nasi, akaipokea karatasi. Alipoona hesabu ya wastani iliyopigwa kwa penseli aligeuza uso ukutani. Mabega yakamtikisika. Alipogeuka alikuwa mtu makini tena.

"Mwalimu, huu si mtihani. Hapa hakuna anayetafuta mia kwa mia. Na hivi ulivyojumlisha, umejumlisha kilo za mahindi na mita za kamba. Kila mstari una kipimio chake." Akaweka kidole kwenye ile fL. "Hii si feli. Ni kipimio cha ujazo, kidogo mno, maana chembe ya damu ni ndogo mno. Kama wewe unavyoandika sm au kg."

Baba akachungulia. "Kipimio," akasema. Akatoa kalamu nyekundu, akaandika neno hilo juu ya safu.

"Ego," akasema yule mama kwa Kiha. Ndiyo hivyo. "Safu ya kwanza ni kitu kilichopimwa. Ya pili ni ulichokutwa nacho wewe. Ya tatu, hizi H na L, ni mashine inakuonyesha kwamba namba imetoka nje ya mpaka. H imezidi kwa juu, L imepungua kwa chini. Ya nne kipimio. Ya mwisho ndiyo mpaka wenyewe, kutoka hapa hadi pale. Si alama za juu. Ukiwa katikati uko vizuri, ukiwa karibu na mwisho pia bado uko ndani."

"Si Hatari?" akauliza shangazi.

"Si Hatari, Shangazi. Wala si Lala salama," maana nilishamweleza. Shangazi akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu jana.

Lakini baba hakuridhika. Ukimwambia jambo limekwisha ndipo anapoanza. "Huo mpaka nani kauweka? Serikali?"

Yule mama akafikiri kidogo. "Mwalimu, unakumbuka ukitupanga mstarini kwa urefu?"

"Mfupi mbele, mrefu nyuma."

"Haya. Chukua watoto mia moja, wote wazima, hakuna mgonjwa hata mmoja. Wapange. Sasa toa wawili watatu wa mbele kabisa, wafupi kuliko wote. Toa wawili watatu wa nyuma kabisa, warefu kuliko wote. Waliobaki, tisini na tano hivi, pima mfupi wao na mrefu wao. Huo ndio mpaka tunaouandika."

Baba akafumba macho. Nadhani alikuwa anawaona.

"Na hao niliowatoa," akasema taratibu, "wanaumwa?"

"Umesema mwenyewe wote ni wazima."

"Kwa hiyo kati ya watoto ishirini wazima, mmoja atatolewa mstarini bila kosa."

"Kwa kila kipimo, Mwalimu. Na karatasi yako ina mistari ishirini na zaidi. Mtu mzima kabisa, akipimwa vitu vyote hivyo, si ajabu hata kidogo mstari mmoja au miwili ukatoka na herufi."

Baba akafungua macho akanigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye nilikuwa nabisha. "Umesikia? Kutoka mstarini si ugonjwa!" Akasimama. Akaanza kuwaeleza watu wa benchi la pili, ambao walikuja kupima malaria na hawakuuliza kitu. Aliwapanga kwa urefu. Bibi mmoja alikataa kupangwa, akamwambia mguu unamuuma, akaruhusiwa kukaa. Dakika kumi nzima korido ya maabara ilikuwa darasa, na mwanafunzi wake wa zamani alikaa pembeni amejishika shavu, anatabasamu.

Alipokwisha kufundisha, yule mama akazipitia zile herufi moja moja. H ya kwanza, aina fulani ya chembe nyeupe, ilikuwa sita nukta nne na mpaka ni tano. Huku kwetu minyoo ni mingi, akasema, chembe hizi hupanda kidogo, daktari ataangalia. H ya pili ilizidi mpaka kwa nukta chache. L ilikuwa saba nukta mbili na mpaka unaanzia saba nukta nne. "Hizi mbili," akasema, "ni watoto wako wa pembeni. Namba iliyovuka kidogo si sawa na iliyovuka mbali."

Nikaanza kucheka, kile kicheko cha mtu aliyeogopa. Na kwa kuwa mdomo wangu haujui kutulia, nikauliza, "Sasa hiyo F ya juu ni nini?"

Yule mama akavaa miwani. "F? Hiyo si kitu, ni jinsi tu. Mashine ni ya Kiingereza. M ni ME, F ni KE."

Baba akamtazama. Akajitazama. "Mimi?" akasema.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Shangazi alijifunika kanga usoni. Bibi wa mguu mbovu alicheka kuliko wote, alisema Imana, yaani Mungu, hashindwi na kitu. Sababu ilipatikana papo hapo, na sababu ilikuwa shangazi. Siku ile baba hakutaka kupanga foleni, maana aliyepangisha watu foleni miaka yote hapangi, basi dada yake akaenda dirishani kumwandikisha. Karani alikuwa mgeni, ametoka pwani, hajamaliza mwezi. Akaambiwa jina. Na jina la baba yangu ni sentensi nzima ya Kiha, shukrani kwa Mungu kwa mwaka wa mvua nzuri, halina kiume wala kike ndani yake. Binamu yangu wa kike anaitwa hivyohivyo. Karani akaona mwanamke mbele yake, akaandika KE. Karani wa watu angejuaje?

"Yoo! Nimemfanya kaka yangu mwanamke," akasema shangazi ndani ya kanga.

"Usijali," nikamwambia, "tutamshonea gauni."

Mimi nilikuwa bado nacheka nilipoona kwamba yule mama wa maabara ameacha. Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye karatasi, kidole chake kikishuka safu ya mwisho, ile ya mipaka. Kilisimama.

"Ngoja," akasema.

Kilikuwa kimesimama kwenye mstari usio na herufi yoyote. Ule ule ambao baba aliuita kumi na mbili nukta tatu chini ya kumi na sita.

"Hii ni himoglobini, yaani wingi wa damu," akasema. "Mashine inatoa mpaka kwa kufuata jinsi iliyoandikwa. Kwa wanawake hapa kwetu tunaanzia kumi na mbili. Kwa hiyo imeona kumi na mbili nukta tatu, ikasema sawa, yuko ndani. Kwa wanaume tunaanzia kumi na tatu."

Akainuka akaingia ndani. Tulimsikia anabonyeza vitu. Akarudi na karatasi mpya, bado ina joto. Damu ilikuwa ileile, namba zilezile, hakuna aliyechomwa sindano tena. Juu palikuwa na M badala ya F. Chini, kwenye mistari mitatu iliyokuwa kimya, L zilikuwa zimesimama: himoglobini, idadi ya chembe nyekundu, na sehemu ya damu inayochukuliwa na chembe hizo.

Baba aliisoma bila rula. "Kwa hiyo nilikuwa nimefaulu kwa kuwa mwanamke," akasema. Hakuna aliyecheka.

"Mwalimu, uliwahi kupima kabla?"

Kama kuna mtu unayeweza kumuuliza swali hilo ni baba yangu. Alifungua faili. Miaka miwili iliyopita alifanyiwa upasuaji wa ngiri Kasulu, na karatasi ya damu ya siku ile ilikuwepo, imetobolewa matundu mawili, imewekwa kwa tarehe. Kumi na tano nukta moja.

Yule mama aliziweka pamoja mapajani. "Hii ndiyo ninayoiogopa," akasema, "kuliko hata mpaka. Mpaka ni wa watu wengine. Huyu wa miaka miwili iliyopita ni wewe mwenyewe. Damu yako imekwenda mahali, Mwalimu. Sasa twende kwa daktari, na safari hii hukimbii."

Alitupeleka mwenyewe. Daktari alikuwa mtu mpole, sauti ya chini, macho mekundu ya kukosa usingizi. Alizitazama karatasi mbili kwa muda mrefu, kisha akaanza maswali. Kuchoka, tangu lini. Kifua kubana. Uzito. Halafu akauliza choo kina rangi gani.

Baba alitazama dari. "Daktari, huyu ni binti yangu."

"Mama, ziba masikio," akaniambia daktari. Nikaziba. Nilisikia kila kitu. Cheusi, alisema baba, kama lami, tangu masika. Alikuwa hajamwambia mtu.

"Unatumia dawa za maumivu?"

"Mara mojamoja. Nikizidiwa."

"Unazipata wapi?"

"Najinunulia. Hapo dukani kijijini."

Nikashusha mikono kutoka masikioni.

Baba yangu alikuwa akituchapa kwa uongo kuliko kwa kitu kingine chochote. Ukivunja chungu ukasema nimevunja, hukuguswa. Ukisema ni paka, ulilala kwa tumbo. Na sasa alikuwa amekaa mbele ya daktari, amenyooka, macho makavu, anadanganya. Magoti yake yalikuwa yanauma tangu mwaka juzi. Muuza dawa mmoja wa Kasulu aliniambia hizi ndizo, na mimi kila mwezi nilimtumia baba boksi kwa dereva wa gari, limefungwa vizuri kwenye kipande cha kitenge, na simu nilipiga kuuliza kama amemeza. Asubuhi kimoja, jioni kimoja. Akisema hajala, nilimwambia ameza tu. Mimi huyu. Nilijisifu mpaka kwa wateja kwamba baba yangu hasikii maumivu.

Daktari alikuwa ameanza kuandika. Vidonge vya kuongeza damu, dawa ya minyoo, arudi baada ya mwezi.

"Anadanganya," nikasema.

"Nyamaza," akasema baba.

"Sinyamazi. Daktari, baba anadanganya. Si mara mojamoja. Ni kila siku, viwili, mwaka na zaidi, na anameza bila kula. Na hanunui yeye. Ninamletea mimi." Nilitaja jina la dawa. Sauti yangu ilipanda mpaka nikaisikia inagonga bati. "Mimi ndiye ninayempa."

Daktari aliweka kalamu chini. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Aliuliza jina la dawa tena, akauliza ukubwa wa kidonge, kisha akaichana ile karatasi aliyokuwa anaandika. Dawa hizo, alisema, zinachubua tumbo kwa ndani, na tumbo linaweza kuvuja damu kidogo kidogo bila mtu kusikia maumivu, hasa mtu mzima. Angempa vidonge vya kuongeza damu peke yake, navyo vinafanya choo kiwe cheusi. Sote tungesema ni dawa hiyo. Tungeendelea kusema hivyo mpaka siku ambayo ingekuwa kuchelewa.

Dawa ya magoti ilikoma siku hiyohiyo. Choo kilipimwa, kikakutwa na damu. Tukapewa barua ya kwenda Kigoma kutazamwa tumbo kwa kamera, na kutoka dakika ile baba hakuongea nami. Hata kwenye gari la kwenda Kigoma, juma lililofuata, aliongea na dereva, na abiria, na mwanamke mwenye kuku. Mimi alinipitishia faili bila kunitazama.

Kilikuwa kidonda. Kimoja, tumboni, kinatibika. Walichukua na kipande kidogo wakakipima, hakikuwa kitu kibaya. Daktari wa kule alitueleza kwa kutumia picha, akampa dawa za kukausha kidonda na za kurudisha damu, akasema akirudi baada ya miezi michache tu tutakuwa tunaongea mengine.

Tulitoka nje, tukakaa kwenye ngazi kusubiri jua lipungue. Nilitaka kusema vizuri, nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini yalitoka yote kwa mkupuo. Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia nilitaka kumuua kwa mkono wangu na kila mwezi nilikuwa nalifunga lile boksi kama zawadi. Nililia kwa sauti, watu wanapita.

Baba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati muda mrefu sana.

"Lakini magoti," akasema, "kweli yalikuwa yameacha kuuma."